Dogo kwanza au riba kwanza? Hesabu ya madeni manne ya wifi yangu

Mtu mwenye madeni kadhaa, ambaye kila mwezi akishalipa marejesho ya lazima anabakiwa na visenti kidogo, ana swali moja la kujibu: hiyo ziada aipeleke kwa nani? Kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema panga madeni kwa ukubwa wa salio, anza na lile dogo kuliko yote, likiisha chukua fedha uliyokuwa ukililipia uihamishie linalofuata. Kambi ya pili inasema salio lisikushughulishe, tazama riba, na ziada yote iende kwenye deni lenye riba kali kuliko mengine. Marekani, ambako njia hizi zimetangazwa sana, ya kwanza huitwa mpira wa theluji na ya pili poromoko la theluji. Huku Kigoma theluji tunaiona kwenye picha za Kilimanjaro tu, kwa hiyo humu nitaziita dogo kwanza na riba kwanza.

Niliwahi kuwa afisa mikopo wa SACCOS moja hapa mjini, na mpaka leo watu hunijia na madaftari yao. Ninachokiona ni kwamba ubishi huu huendeshwa kama ubishi wa Simba na Yanga, kila mtu na upande wake, bila mtu kuuliza ushindi wa kila upande una thamani ya shilingi ngapi. Shilingi zenyewe zinahesabika. Nitazihesabu kwa madeni ya wifi yangu, ambaye amekubali niyaandike mradi jina lake nisilitaje.

Wifi ananunua dagaa mwaloni Kibirizi, anawaanika, kisha anawauza kwa gunia kwa wanaosafirisha kwa treni. Alipokuja kwangu alikuwa anadaiwa sehemu nne. Muuza duka wa mtaani kwake, Gungu, alikuwa anamdai shilingi 120,000 za unga, sukari na mafuta, hazina riba, na alikuwa akimpunguzia elfu kumi kila mwezi. Mkopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu, alikuwa anamdai 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Wifi alikuwa akipeleka elfu sitini za riba kila mwezi na laki tatu zenyewe zinabaki palepale. Taasisi moja ya mikopo midogo ilikuwa imemkopesha 360,000 za kulipwa kwa miezi kumi, marejesho 45,000 kwa mwezi, na alikuwa amebakiza miezi mitano, yaani 225,000. Na SACCOS ilikuwa inamdai salio la 1,000,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, marejesho 75,000.

Jumlisha marejesho ya lazima: 10,000 na 60,000 na 45,000 na 75,000. Ni 190,000. Tulipokaa na daftari lake la mauzo tukaona kwamba mwezi wa kawaida anaweza kutoa 250,000 kwa ajili ya madeni. Kwa hiyo ziada ni elfu sitini. Elfu sitini hizo ndizo zinazogombewa na kambi zetu mbili.

Kabla ya kupanga foleni yoyote, kuna deni moja kati ya hayo manne ambalo lazima litolewe pembeni, nalo ni la taasisi. Watu wengi wa riba kwanza hukosea hapa. Mkopo wa wifi wa 360,000 ulipigiwa riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi, lakini kwenye mkopo wote wa mwanzo, si kwenye salio. Asilimia 2.5 ya 360,000 ni 9,000. Mara miezi kumi ni 90,000. Wakaijumlisha siku ileile aliyosaini, ikawa 450,000, wakagawa kwa kumi, ndiyo ikaja 45,000. Mwezi wa tisa, wakati salio la mkopo wenyewe limeshabaki kidogo kabisa, bado analipa riba ya 9,000 kana kwamba anadaiwa 360,000 nzima. Ukitaka kuulinganisha mkopo huu na wa SACCOS, ambao riba yake hupungua na salio, gharama yake halisi ni kama asilimia 4.3 kwa mwezi, wala si 2.5.

Kwa hiyo mtu wa riba kwanza akiona asilimia 4.3 dhidi ya 1.5 ya SACCOS atasema: tuupige huu mapema. Ila ukiulipa mapema hupunguziwi kitu. Riba imeshahesabiwa na kuingizwa kwenye deni. Ukilipa 225,000 leo au ukilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano, fedha inayotoka mfukoni ni ileile. Ziada uliyoipeleka pale imekuokolea sifuri. Ukali wa riba ni jambo muhimu siku unachukua mkopo. Siku unapanga kulipa, kinachohesabika ni riba ambayo bado unaweza kuizuia.

Namna ya kujua mkopo wako ni wa aina gani ni nyepesi, wala huhitaji kusoma mkataba wa kurasa kumi. Nenda au piga simu uulize, "Nikitaka kumaliza deni lote leo, natakiwa kulipa shilingi ngapi?" Jibu likiwa sawa kabisa na marejesho yaliyobaki ukiyajumlisha, hakuna punguzo, na deni hilo liache litembee kwa ratiba yake. Jibu likiwa dogo kuliko hapo, kuna riba ya kuokoa, na tofauti ya hizo namba mbili ndiyo riba yenyewe. Wifi alipiga, spika ikiwa wazi, mimi pembeni na kalamu. Yule binti wa upande wa pili akajibu bila kufikiri: laki mbili na ishirini na tano. Tukaandika pembeni ya deni hilo: "lisiguswe".

Sasa hesabu yenyewe. Nitaanza na dogo kwanza kama inavyofundishwa, bila kuikosoa. Foleni ni dukani 120,000, taasisi 225,000, kausha damu 300,000, SACCOS 1,000,000. Ziada ya elfu sitini inaenda dukani, na mwezi wa pili duka limeisha. Fedha inahamia taasisi, na mwezi wa tatu nayo imeisha. Miezi mitatu, madeni mawili chini. Mtu anapumua. Kisha 175,000 kwa mwezi inaelekezwa kwa kausha damu, anaisha mwezi wa sita, na SACCOS inamalizika mwezi wa tisa kwa marejesho madogo ya mwisho ya kama 19,500. Riba yote aliyolipa tangu siku tulipokaa, ukiacha ile ya taasisi iliyokuwa imeshaingizwa kwenye 225,000, inafika 374,500. Kausha damu peke yake amekula 286,400 ya hizo, yaani karibu sawa na laki tatu alizokopesha.

Njia ya riba kwanza inampeleka wifi moja kwa moja kwa kausha damu akiwa na 120,000 kwa mwezi: elfu sitini ya riba na elfu sitini ya kupunguza deni. Mwezi wa kwanza deni linashuka hadi 240,000, kwa hiyo riba ya mwezi wa pili ni 48,000 badala ya 60,000, na zile 12,000 zilizookolewa zinaingia kwenye kupunguza deni. Linashuka hadi 168,000, kisha 81,600, na mwezi wa nne limeisha. Wakati huo taasisi inatembea kwa ratiba yake na kumalizika mwezi wa tano, na duka linaendelea kupunguziwa elfu kumi kumi. Yote yanaisha mwezi wa nane. Riba jumla ni kama 237,600.

Tofauti ni karibu 137,000. Kwa mtu anayeweza kutoa 250,000 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya nusu ya marejesho ya mwezi mzima, na mwezi mmoja wa kulipa umepungua.

Nilipomwonyesha wifi, hakuziangalia jumla. Aliangalia duka.

"Kwa hiyo yule wa dukani nitapita mbele yake miezi minane?"

Ndilo swali, na si la kitoto. Kausha damu anakaa mbali kidogo na huja mara moja kwa mwezi. Wa dukani humwona asubuhi na jioni. Watoto wakitumwa chumvi wanaulizwa "mama yupo?" Deni lisilo na riba linaweza kuwa ndilo linaloumiza kuliko yote, na mtu akikuambia anataka kulimaliza kwanza, usimwambie hajui hesabu. Mwambie bei.

Tukaipigia bei. Tuseme anamaliza duka kwanza, kisha anaelekea kwa kausha damu, taasisi ikiachwa na ratiba yake. Duka linaisha mwezi wa pili. Kausha damu sasa anaisha mwezi wa sita badala ya wa nne, na riba jumla inakuwa kama 329,300. Ni 91,600 zaidi ya njia ya riba kwanza. Maana yake, ili kuondoa deni la 120,000 mapema, angelipa kama 92,000 juu yake. Wifi akanyamaza, halafu akasema kwa fedha hiyo angemnunulia mwenye duka zawadi na bado angebaki na ya kwake.

Kwa kichwa, bila daftari, bei hiyo unaweza kuikadiria hivi: kila elfu kumi unayoichelewesha kwenda kwa mkopeshaji wa asilimia 20 inakugharimu elfu mbili kwa mwezi wa kwanza, na inaongezeka kidogo kila mwezi unaofuata. Kila elfu kumi unayoichelewesha kwenda SACCOS ya asilimia 1.5 inakugharimu shilingi 150. Vitu hivi viwili havistahili kuwekwa kwenye mjadala mmoja, na nadhani hapo ndipo mafunzo mengi ya mitandaoni yanapotupotosha sisi wa huku.

Yametoka kwenye madeni ya aina nyingine. Mwaka 2012 watafiti David Gal na Blakeley McShane wa Chuo Kikuu cha Northwestern walichapisha uchunguzi wa watu waliokuwa wakisaidiwa kumaliza madeni huko Marekani. Waliona kwamba aliyefunga sehemu kubwa ya idadi ya madeni yake alikuwa na uwezekano zaidi wa kufika mwisho, hata ukiweka kando kiasi cha fedha alicholipa. Kwa hiyo watu wa dogo kwanza hawasemi uongo: kufunga deni moja kunampa mtu nguvu ya kuendelea, na mpango unaokatishwa njiani hauokoi riba yoyote, hata uwe na hesabu nzuri kiasi gani. Mwaka mmoja nyuma yake watafiti wengine walikuwa wameonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo, kwamba watu wakipewa madeni ya kulipa katika mchezo wa majaribio hukimbilia kufunga madogo hata pale makubwa yanapowakata zaidi. Hakuna kinachopingana hapo. Mtu anapenda kufunga deni. Kupenda huko kunamsaidia kumaliza na kunamgharimu riba kwa wakati mmoja.

Lakini madeni ya kadi za benki za Marekani yana riba zinazokaribiana. Ukipanga vibaya kati ya kadi mbili ambazo zote zinatoza asilimia chache kwa mwezi, hasara ni ndogo, na furaha ya kufunga moja inaifunika. Nilijaribu kuigeuza hesabu ya wifi iwe hivyo: madeni yaleyale, marejesho yaleyale, ila yule wa laki tatu awe anatoza asilimia 2.5 kwa mwezi kwenye salio, kama kikundi cha kawaida. Dogo kwanza ikaleta riba ya kama 98,200 na riba kwanza 85,200. Tofauti ni 13,000 kwa miezi saba. Mtu akinieleza kwamba elfu kumi na tatu ni bei ya kutomkwepa mwenye duka, ningemwambia alipe kwa roho safi.

Kwa hiyo mimi sina kambi. Naangalia kama ndani ya madeni kuna mmoja anayetoza mara kumi ya wenzake. Akiwepo, ni riba kwanza mpaka aishe. Asipokuwepo, fanya dogo kwanza na usipoteze usingizi.

Tukiwa hapo kwenye asilimia 20: Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wenye leseni wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Anayetoza ishirini ama hana leseni, ama ameipa riba majina mengine, ada ya fomu, ada ya ufuatiliaji, ada ya sijui nini. Kujua hivyo hakufuti deni la wifi. Kunasaidia siku ya mazungumzo.

Na mazungumzo yalihitajika, kwa sababu kuna jambo ambalo hesabu yangu nzuri ililiruka. Wakopeshaji wengi wa mtaani hawapendi kupokea nusu ya mtaji. Wanataka riba tu au deni zima, na wana sababu: anayeleta riba kila mwezi bila kugusa laki tatu ni mteja wa milele. Mkopeshaji wako akishikilia hivyo, njia ya riba kwanza inabadilika sura. Inabidi elfu sitini ya ziada uiweke mahali kila mwezi huku ukiendelea kulipa riba kamili ya elfu sitini, mpaka ifike laki tatu. Kwa wifi ingechukua miezi mitano na riba ya 300,000, badala ya miezi minne na riba ya 158,000. Bado ni afadhali kuliko dogo kwanza, ambayo kwa sharti hilohilo ingefika mwezi wa sita na riba ya 360,000, lakini pengo limepungua sana. Tena kuna fedha iliyolala ndani ya nyumba, na nyumba yenye watoto na ndugu haikosi dharura. Hapo ndipo ningemshauri mtu aulize kwanza kama SACCOS au kikundi chake kinaweza kumwongezea laki tatu za kumfunga kausha damu siku moja. Kuhamisha deni kutoka asilimia 20 kwenda 1.5 kunashinda njia zote mbili. Sharti lake ni moja gumu: usirudi kwa yule bwana.

SACCOS ya wifi ilisema salio lake lishuke kwanza. Tukamwendea mkopeshaji. Hatukumtisha, nilimtajia tu ukomo wa Benki Kuu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua, na wifi akamwambia ana elfu sitini za mtaji mkononi leo na nyingine mwezi ujao. Akakubali kupokea kwa mafungu. Nilichosisitiza ni maandishi: kwenye daftari lake na letu, tarehe, kisha mistari miwili tofauti, "riba 60,000" na "mtaji 60,000, salio 240,000", saini yake, saini ya wifi, na saini ya balozi wa mtaa kama shahidi. Bila mstari wa pili, mwezi unaofuata ungeambiwa ulileta riba ya miezi miwili. Nimeyaona hayo mezani kwangu mara nyingi, mtu analia na hana karatasi.

Jokofu la wifi ndilo lililokuwa dhamana, na hilo nalo lilikuwa sababu ya kuanza na huyu. Deni lenye dhamana ya kitu kinachokuingizia chakula lisogezwe mbele hata kama riba yake si kali. Kwa bahati hapa riba na dhamana vilikuwa kwa mtu mmoja.

Kuna hoja ya dogo kwanza ambayo kwa biashara ya dagaa ina nguvu kuliko hoja ya furaha, nayo haisemwi sana. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, mitumbwi inabaki ufukweni na mchuuzi hana cha kuanika. Kila mwezi una siku zake za ukame, na mwaka 2024 serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ukame ukawa wa miezi mitatu. Wakati kama huo mtu haulizi ataokoa riba ngapi. Anauliza analazimika kutoa shilingi ngapi mwezi huu. Kufunga deni dogo kunapunguza hiyo lazima haraka, na ndiyo maana wachuuzi wengi wa Kibirizi hufanya dogo kwanza bila kufundishwa na mtu.

Ila hata hoja hiyo ipimwe. Chukua salio la kila deni ugawe kwa marejesho yake ya mwezi. Unapata ni shilingi ngapi unatakiwa kutoa ili kujiondolea shilingi moja ya lazima kila mwezi. Duka: 120,000 kwa 10,000 ni 12. SACCOS: kama 13. Taasisi: 225,000 kwa 45,000 ni 5. Kausha damu: 300,000 kwa 60,000 ni 5 pia. Duka ni dogo kuliko yote, lakini kulifunga kunakupumzisha elfu kumi tu kwa mwezi. Kati ya wawili wenye 5, mmoja ataisha mwenyewe baada ya miezi mitano na mwingine hataisha kamwe usipomgusa. Kwa hiyo hata kwa mtu anayeogopa mbalamwezi, jibu la wifi lilikuwa lilelile.

Na mbalamwezi ilikuja. Kuna mwezi ziada haikupatikana kabisa, tukalipa kima cha chini kila mahali na ratiba ikasogea mbele. Namba nilizozitoa juu ni za mpango. Kiuhalisia alichelewa kidogo, na kila mwezi wa kuchelewa kwa kausha damu ulikuwa na bei yake. Jambo moja tulilolikataa ni kukopa kwenye simu ili kuziba pengo la marejesho. Mkopo wa simu unaotoza ada kila siku ni kausha damu mwingine, ila huyu hagongi mlango, anakata akiba fedha inapoingia tu.

Kuhusu nguvu ya kuendelea, hatukuiacha ijitegemee. Ubaya wa riba kwanza ni kwamba miezi ya mwanzo huoni kitu: bado una wadai wanne. Kuna uchunguzi wa mwaka 2016 wa Remi Trudel na wenzake unaosema kinachompa mtu ari ni kuona sehemu kubwa ya deni moja imeondoka, hata kama halijafungwa. Tukalitumia hilo. Nyuma ya mlango wa jikoni wifi alichora kwa mkaa visanduku kumi, kila kimoja elfu thelathini za mtaji wa kausha damu, riba haikuhesabiwa. Siku aliyopeleka fungu la kwanza alifuta viwili. Mtoto wake wa darasa la tatu ndiye aliyegeuka kuwa mkaguzi; kila mama akirudi mwaloni anauliza, "Leo tunafuta?" Na mwenye duka tulimwendea pia. Tulimwambia ukweli kwamba ataendelea kupata elfu kumi kila mwezi, tarehe ileile, mpaka fulani aishe, kisha yeye ndiye anayefuata. Alichokuwa akikitaka, kumbe, ni tarehe.

Kausha damu alipokwisha, nilimwachia wifi achague mwenyewe, kwa sababu hapo hesabu ilikuwa imegeuka. Kwa namba za mpango, duka lilikuwa limebaki 80,000 na SACCOS karibu 754,000. Riba kwanza ingesema SACCOS, kwa kuwa duka halina riba. Nikapiga bei ya kumaliza duka kwanza: shilingi 3,100 hivi kwa jumla, na duka linafungwa miezi mitatu mapema. Sikuhitaji kueleza zaidi. Alilipa duka, akarudi na kilo ya sukari aliyoilipia taslimu.

Ilibaki SACCOS, na hapa naomba usome polepole, maana niliwahi kukaa upande wa pili wa dirisha hilo. Ukipeleka 250,000 mahali ambapo marejesho ni 75,000, karani asipoambiwa kitu anaweza kuiandika ile 175,000 kama marejesho ya miezi inayokuja, au kuiweka kwenye akiba yako. Kwa namna zote mbili, salio la mkopo halishuki leo, na riba ya mwezi ujao inahesabiwa palepale. Sema kwa mdomo na uandike kwenye fomu: "75,000 ni marejesho ya mwezi huu, 175,000 ipunguze salio la mkopo." Kisha usiondoke dirishani. Omba taarifa ya mkopo iliyochapwa, utazame kama salio limeshuka kwa kiasi ulichotarajia, na kama halijashuka, rudisha karatasi palepale kabla foleni haijasogea.